Sita Niliyoigeuza Nane

Niliweka vidoti viwili vya kalamu nyeusi kwenye namba sita, ikawa nane. Hiyo ndiyo kazi yote niliyoifanya. Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya. Kabla ya hapo nilikuwa nimeifungua bahasha ya mwalimu kwa mvuke wa sufuria ya chai, na hilo nalo lilikuwa kosa, lakini vidoti ndivyo vilivyonitia aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka nakuna kichwa hata kama hakiwashi.

Nieleze tangu mwanzo, maana darasani kwetu kila mtu ana hadithi yake ya jambo hili na zote ni za uongo.

Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa mtu wa stensili. Kila mtihani aliuchora kwa mkono kwenye karatasi ya nta, akauzungusha kwenye mashine ya ofisini, na sisi tukapata makaratasi yenye harufu ya spiriti na michoro iliyolegea kama kamba ya nguo. Muhula ule wino wa mashine ukaisha na shule ikasema hakuna mwingine mpaka Mungu atakapopenda. Katika mkutano wa wazazi mwalimu akasikia kwamba mama yangu anapiga chapa kwenye kompyuta katika ofisi moja ya mizigo ya ndege, kule Kanombe kwenye uwanja wa ndege. Mwalimu alikuwa hajawahi kuigusa kompyuta. Alimwendea mama kama mtu anayekwenda kwa daktari.

"Mama, ile mashine yako inaweza kuchora sakiti?"

"Haichori, mwalimu. Inaandika tu. Lakini vistari vya kulala na vya kusimama ninavyo. Nitaviunga."

Akampa karatasi ya mkono. Mama akaviunga. Kwenye kioo cha kompyuta alipanga vistari kimoja kimoja mpaka vikawa waya. Betri juu, imeandikwa volti 12. Kisha rezistansi ya kwanza, R1, peke yake, 4 ohm. Halafu waya unagawanyika njia mbili, R2 6 ohm huku, R3 12 ohm kule, kisha zinakutana tena na kurudi kwenye betri. Kisha kuna kidude kimoja kwenye kibodi ambacho ukikibonyeza, kila kilicho kwenye kioo kinatoka kwenye printa kama kilivyo, pamoja na kila doa. Picha ya kioo, mama aliiita hivyo. Alikibonyeza mara kumi, karatasi moja kwa kila benchi letu, akazitia kwenye bahasha, akagundisha, na Ijumaa jioni akanikabidhi.

"Jumatatu umpe mwalimu mkononi. Usiikunje."

Alinikabidhi mimi. Katika nyumba yenye paka, alinikabidhi mimi.

Sasa, sitajitetea, lakini lazima mjue kuhusu mtu wa benchi la mbele. Kila darasa lina mmoja. Huyu wetu alikuwa mwana wa fundi cherehani, mwembamba, mwenye tabia ya kumaliza swali, kuchora mstari chini yake, kisha kuandika "Uhakiki" na kulifanya swali upya kwa kurudi nyuma. Nani anafanya hivyo kwa hiari? Mwalimu alimpenda. Mimi pia nilimpenda, ukweli ni huo, tulikuwa tunarudi nyumbani pamoja kila siku. Lakini nilitamani nimwone mara moja tu amekwama. Maswali ya mwalimu yana siri moja: majibu yake huwa yanatoka mazuri, namba nzima au nusu. Ukipata desimali ndefu ujue umepotea. Nikawaza: nikibadilisha namba moja tu kwenye karatasi ya benchi lake, atapata makorokoro, atahakiki, atahakiki tena, jasho litamtoka puani, na mimi nitacheka mpaka nianguke. Kisha nitasema ni mimi. Huo ndio ulikuwa mpango. Kwenye mpango nilisema.

Jumamosi, bahasha ikiwa imeshafunguka kwa mvuke, nilinakili sakiti na kuipeleka mtaa wa Kimisagara kwa mjomba wangu, fundi redio. Nilimwambia ni zoezi la nyumbani. Kibanda chake kimejaa matumbo ya redio, na yeye mwenyewe hukaa katikati yake kama mfalme.

"Hebu," akasema. Akachukua kipande cha boksi la sabuni na penseli. "Wewe unaona nini hapa?"

"Rezistansi tatu."

"Rezistansi tatu hata paka anaziona. Umeme unapita wapi?"

"Hapa. Halafu... huku na huku."

"Haya. Hizi mbili ziko sambamba. Kwa hiyo hatujumlishi kama viazi. Zidisha, sita mara kumi na mbili?"

"Sabini na mbili."

"Gawanya kwa jumla yao, kumi na nane."

"Nne."

"Umeona? Sita na kumi na mbili zikisimama pamoja zinakuwa kama nne. Ndogo kuliko hata ile ndogo. Kwa nini?"

Nilisema sijui.

"Kwa sababu umefungua mlango wa pili, kijana! Sokoni ukifungua mlango wa pili, watu wanapita kwa urahisi au kwa shida?" Akaendelea bila kungoja. "Sasa hiyo nne iko kwenye mstari mmoja na R1, nne nyingine. Hapo ndipo unajumlisha kama viazi. Nane. Volti kumi na mbili gawanya kwa nane, ampea moja na nusu. Hiyo ndiyo inayotoka kwenye betri. Ikipita R1 inakula volti sita, moja na nusu mara nne. Zinabaki volti sita kwa hawa wawili, na kila mmoja anazipata zote sita, hawagawani. Sita kwa sita, ampea moja. Sita kwa kumi na mbili, nusu. Moja na nusu imeingia, moja na nusu imetoka. Ikikataa kulingana, umekosea."

Nilikariri. Sikuelewa sana habari za mlango, nilikariri namba: nne, nane, moja na nusu, moja, nusu. Kama namba za simu. Jumapili nilichukua kalamu nyeusi ya mama ya ofisini, nikachagua karatasi moja, nikaweka vidoti vyangu viwili kwenye ile 6. Printa ile huandika kwa vidoti vidogo, kwa hiyo kazi ilikuwa rahisi mno, kama vile namba yenyewe ilikuwa inaningoja. Nikaiweka juu ya zile nyingine, maana mwalimu huanza kugawa mbele. Nikagundisha bahasha kwa ugali.

Jumatatu mwalimu akaipokea kwa mikono miwili. Akagawa. Kisha, baada ya kugawa, akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema kabla.

"Shule ya ufundi imetupa nafasi moja, sehemu ya umeme. Jina nalipeleka Ijumaa adhuhuri. Nitalitoa kwenye mtihani huu."

Nikamwona mtu wa benchi la mbele akinyoosha mgongo. Nilijua kwa nini. Baba yake anashona kwa cherehani ya kukanyaga na mguu wake mmoja ni mbovu, siku hizi akishona suruali mbili anakaa chini kuukanda. Rafiki yangu alikuwa ameshanichorea mara mia, kwenye vumbi la barabarani, jinsi atakavyoifungia mota cherehani ile akisomea umeme. Mota ndogo tu. Alikuwa ameshaamua hata pulei, kile kigurudumu cha mkanda, itakaa wapi.

Ningesimama pale pale. Ningeweza kusema, mwalimu, karatasi ile ina doa. Niliangalia dirishani. Nikajiambia atagundua mwenyewe, si ana akili? Kisha nikaandika nne, nane, moja na nusu, moja, nusu, nikaweka kalamu chini dakika ya kumi. Mtu wa mbele aliandika mpaka kengele. Aliinua kichwa mara mbili, akafuta, akaandika tena. Nilikuwa nimesubiri kucheka. Kicheko hakikuja.

Jumatano mwalimu akarudisha karatasi.

"Ishirini kwa ishirini," akasema, akanitazama kama mtu aliyeona mbuzi akisoma gazeti. "Wewe."

Darasa likapiga kelele. "Wewe sha, umekula nini?" mmoja akauliza. Nikasimama nikainama kama mwanamuziki. Ndiyo, niliinama. Hiyo nayo naikumbuka.

Mtu wa mbele alikuwa amepata tano. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, karatasi yetu iliandika R2 nane."

"Karatasi zote ni sawa. Zimetoka kwenye kompyuta."

"Yetu ilikuwa nane, mwalimu. Tafuta uone."

Wenzake wawili wa benchi wakasema ndiyo, nane. Mwalimu akasema hao wawili wangesema hata tisini kama yeye angesema tisini, na kila mtu akacheka kwa sababu ni kweli, wanamnakili tangu darasa la kwanza. Lakini akazitafuta zile karatasi kumi kabatini, akaipata, akaipeleka dirishani. Utepe wa printa ya mama ulikuwa umechakaa, maandishi yote yalikuwa kijivu. Vidoti viwili tu vilikuwa vyeusi, vinang'aa.

Mwalimu akaishusha karatasi. Halafu akasema polepole, na hapo ndipo nilipotamani ardhi ifunguke:

"Uliisoma vibaya. Ukakokotoa kwa nane. Mwishoni ukaona wenzako wanasema sita, ukaona aibu, ukaichora sita iwe nane ili ulaumu karatasi. Wewe! Wewe niliyekuamini!"

"Sikuichora, mwalimu."

"Basi imejichora?"

Rafiki yangu hakulia. Alibaki amesimama, akiitazama karatasi yake mwenyewe mezani, mahali alipoandika "Uhakiki", kana kwamba jibu la jambo hili nalo lingekuwa pale. Mwalimu akasema baba yake aitwe. Na mama yangu pia aje, aseme kama mashine inaweza kutoa namba mbili.

Kwenda nyumbani siku hiyo tulitembea pamoja kama kawaida. Hakunishuku hata kidogo. Hilo ndilo lililonimaliza.

"Labda utepe uliruka," akasema. "Mashine inaweza kuruka, si ndiyo? Mama yako atajua."

"Atajua," nikasema.

"Hongera lakini. Sikujua unajua sambamba."

Nikamwambia tumbo linaniuma nikakata kona.

Alhamisi baada ya masomo tukakutana katika chumba cha walimu: mwalimu, mama akiwa bado na sketi ya ofisini, yule fundi cherehani ameegemea ukuta ili kuupumzisha mguu wake, rafiki yangu, na mimi, ambaye niliitwa kwa kuwa ndimi niliyebeba bahasha. Mwalimu akauliza swali lake.

"Mwalimu," mama akasema, "picha ya kioo haina akili ya kubadilisha kitu. Kilichoko kwenye kioo ndicho kinachotoka. Mara kumi, kitu kile kile. Mimi niliandika sita."

Fundi cherehani akageuka kumtazama mwanawe. Alimtazama tu, na rafiki yangu akainamisha kichwa kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Nione," mama akasema.

Akapewa karatasi. Akaitazama karibu, akaigeuza nyuma, akapitisha kidole pale vidoti vilipobonyeza karatasi. Kisha akaomba bahasha. Mwalimu alikuwa nayo bado, mwalimu hatupi kitu. Mama akaliangalia pindo lake, palipokauka gundi nyeupe yenye chembechembe. Aliikwangua kwa ukucha. Ofisini kwao hawagundishi kwa ugali.

Hakunitazama. Ningependa angenitazama, hata kwa hasira. Alikunja karatasi ile taratibu, akamrudishia mwalimu, akasema:

"Nipe mpaka kesho asubuhi, mwalimu. Kabla hujapeleka jina. Kuna kitu lazima nikihakikishe kazini. Na huyu mtoto, tafadhali, usimwandikie neno lolote baya leo."

"Kwa hiyo mashine inaweza?"

"Nimesema mpaka kesho."

Njiani alininunulia andazi, kama kawaida. Nikalibeba mkononi. Nyumbani akavua viatu, akapika, akaniambia nilete maji. Ile kalamu nyeusi ilikuwa juu ya meza, ameiweka katikati peke yake, kifuniko upande. Tulikula tukiwa na kalamu ile mezani kama mgeni. Nilingoja aanze ili nami niombe msamaha, nilie kidogo, mambo yaishe. Mimi ni fundi wa kuomba msamaha. Hakuanza. Ndipo nikaelewa kwamba hakuna kitu chochote cha kuhakikisha kazini. Alikuwa amenitengea asubuhi moja ya kusema mwenyewe, na alikuwa ameninunulia asubuhi hiyo kwa kudanganya mbele ya fundi cherehani, yeye ambaye hata muuza maziwa hamdanganyi.

Ijumaa nilifika shuleni kabla ya mfagizi. Mwalimu akaja na baiskeli yake. Nikamwambia kabla hajaifunga mnyororo. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yakatoka yote kwa mkupuo bila mpangilio: chai, mvuke, ugali, mjomba, vidoti, ugali tena.

"Kwa nini?" akauliza.

"Nilitaka kucheka."

Sikujua jibu langu litasikika baya hivyo mpaka lilipotoka.

Akanipeleka darasani. Wenzangu walikuwa wameanza kuingia, na rafiki yangu alikuwa tayari benchi la mbele, peke yake. Wenzake wawili walikuwa wamehamia nyuma. Mwalimu akanipa chaki. Akachora ile sakiti, akaandika R2 nane.

"Wewe uliyepata ishirini. Fanya hii uliyoitengeneza mwenyewe."

Namba zangu za simu zote zikawa hazina kazi. Nilitazama nane na kumi na mbili. Nikazijumlisha kama viazi. Ishirini. Nikaongeza nne, ishirini na nne. Kumi na mbili kwa ishirini na nne, nusu ampea. Nikapiga mstari. Hata mimi niliona kuna kitu kimekataa, lakini sikujua kipi. Nyuma mtu akacheka, kisha wote, na kicheko kile nilikijua vizuri, ndicho nilichokuwa nikiwauzia miaka yote.

"Umezijumlisha," rafiki yangu akasema kutoka benchini kwake, si kwa kejeli. "Ziko mbili, sambamba. Haziwezi kuwa kubwa kuliko nane."

Mwalimu akampa chaki. Yeye hakuandika upya kwa kichwa, alichukua tu karatasi yake ya mtihani, ile yenye tano, akainakili ubaoni. Nane mara kumi na mbili, tisini na sita. Kwa ishirini, 4,8. Na nne, 8,8. Kumi na mbili kwa 8,8, ampea 1,36. R1 inakula volti 5,44, zinabaki 6,56. R2 inapata 0,82, R3 inapata 0,55. Kisha mstari, kisha "Uhakiki": 0,82 na 0,55 ni 1,37, siyo 1,36, tofauti ni ya kukata desimali, sakiti iko sawa. Hata hilo alikuwa ameliandika Jumatatu, wakati jasho likimtoka kwa ajili yangu. Mwalimu hakuwa amelisoma. Alikuwa ameona nane, akaweka mkwaju mwekundu.

Mwalimu akaisoma mstari kwa mstari, mikono nyuma. Akachukua kalamu nyekundu, akafuta tano akaandika ishirini, na yangu akaifuta akaweka sifuri, mbele ya kila mtu. Kisha akamwambia rafiki yangu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Nisamehe." Adhuhuri jina la rafiki yangu likaenda. Mimi nikapewa kuosha vyoo mpaka mwisho wa muhula, na nadhani mwalimu alikuwa mpole.

Jioni rafiki yangu hakuningoja getini. Nilimwona mbele yangu barabarani, hatua hamsini, na nikatembea hatua hamsini nyuma yake mpaka kwenye karakana ya baba yake. Nikaingia. Nikamwamkia mzee, "Shikamoo," nikamwambia yote aliyoyasikia Alhamisi yalikuwa makosa yangu. Aliendelea kukanyaga cherehani, mguu mzuri ukifanya kazi ya miwili, mpaka pindo likaisha. Akakata uzi kwa meno.

"Nilimtazama vibaya mtoto wangu," akasema. "Hiyo huwezi kuifuta kwa kalamu."

Rafiki yangu alikuwa nyuma akikunja suruali. Akachukua nyingine.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa amesharudi. Nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama mlangoni, hata la sifuri, hata la vyoo, hata la viazi. Hakunikatiza. Alipoona nimemaliza, akaichukua ile kalamu mezani, akaifunika kifuniko, akaitia kwenye mkoba wake wa kazini, kisha akasema:

"Nilibonyeza kile kidude mara kumi, na kila karatasi ilipotoka niliisoma namba kwa namba, kwa sababu ilikuwa inakwenda shuleni kwako. Nawa mikono, chakula kinapoa."